Ukadiriaji wa Mtaro wa Kunyonya Maji ya Paa: Mfano wa Nyumba ya Mlimani Kigali

Katika vilima vya Kigali, maji ya mapaa ya mabati yanayomwagwa barabarani humomonyoa ua wa jirani wa chini kabla ya kufika bondeni. Njia mojawapo ya kuyazuia ni kuchimba mtaro, kuujaza kokoto na kuyaacha maji yazame ardhini. Makala haya yanaeleza namna urefu wa mtaro huo unavyokadiriwa, na hasa namna kipimo cha udongo kinavyoweza kumpotosha fundi.

Ichukuliwe nyumba ya mfano yenye paa la mita 12 kwa 10. Vipimo hivi huchukuliwa chini, kwa kufuata kingo za paa, wala si juu ya mteremko wa bati, kwani mvua huangukia kivuli cha paa. Eneo ni mita za mraba 120. Mvua ya kukadiria iwe milimita 40 kwa saa moja. Anayejenga abadilishe kiasi hicho kwa kufuata kumbukumbu za kituo cha mvua kilicho karibu. Sehemu moja ya kumi huhesabiwa kuwa hupotea kwa kulowesha bati na kuruka nje ya mifereji. Kwa hiyo maji yatakayofika mtaroni ni 120 × 0.040 × 0.9, yaani mita za ujazo 4.32.

Kipimo cha udongo hufanywa pale pale mtaro utakapokuwa na kwa kina chake. Huchimbwa kishimo cha sentimita 30 kila upande, hujazwa maji, huachwa yazame, kisha hujazwa tena ili udongo ushibe kabla ya kupima. Katika mfano huu, maji yaliyokuwa na kina cha milimita 195 yamebaki 105 baada ya saa moja. Yameshuka milimita 90, na wengi huishia hapo. Lakini hayakuzama kupitia sakafu peke yake. Kwa kina cha wastani cha milimita 150, kuta nne zilizolowa zina mita za mraba 0.18, na sakafu ina 0.09 tu. Eneo lililonyonya ni mara tatu ya sakafu. Hivyo kasi halisi ya upenyaji ni theluthi ya mshuko, yaani milimita 30 kwa saa. Kwa kuwa udongo huziba kadiri miaka inavyopita, kiasi hicho hugawanywa kwa mbili, kikabaki 15.

Mtaro uwe na upana wa mita 0.6 na kina cha kokoto cha mita 1. Nafasi kati ya kokoto ni kama asilimia 35, basi kila mita ya urefu huhifadhi mita za ujazo 0.21. Sakafu haihesabiwi, kwa sababu ndiyo inayopokea tope. Huhesabiwa nusu ya kimo cha kuta mbili, ambayo ni mita moja ya mraba. Kwa saa ya mvua kuta hizo hunyonya 0.015 tu. Jumla ni 0.225, na urefu unaohitajika ni 4.32 ÷ 0.225, yaani mita 19.2.

Hapa ndipo hesabu inaposema jambo lisilotarajiwa. Udongo ukiwa mzito mara kumi zaidi, urefu huongezeka hadi mita 20.4 tu. Kinachobadilika ni muda wa kukauka. Katika udongo wa kwanza, nusu ya maji hutoka kwa saa 7. Katika ule mzito huchukua saa 70, na mvua ya kesho itaukuta mtaro bado umejaa. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba nusu itoke ndani ya saa 24. Paa na mvua ndivyo hasa vinavyoamua ukubwa. Udongo huamua kama mtaro ujengwe au la. Hata hivyo, aliyetumia milimita 90 bila masahihisho angepata mita 14.4, na mtaro wake ungefurika kabla ya mvua kubwa kwisha.

Mtaro huwekwa mita 5 au zaidi kutoka msingi wa nyumba, ukifuata mstari wa kimo kimoja ili maji yasijikusanye upande mmoja. Pale mteremko ulipo mkali au ukuta wa kuzuia udongo ulipo chini yake, usichimbwe kabisa: maji yatajitokeza kwa jirani, au yatalegeza udongo hadi uporomoke. Kabla ya maji kuingia yapitie kishimo cha kutuliza mchanga na majani, na kokoto zifunikwe kwa kitambaa cha kuchujia.

Bomba la wima lenye matundu, lililosimamishwa kati ya kokoto hadi sakafuni, humwezesha mwenye nyumba kuchungulia kwa ufito. Ufito ukitoka umelowa sana siku ya tatu baada ya mvua, ilhali miaka iliyotangulia ulitoka mkavu, tope limekwisha ziba kuta.