Saluni Inapobadilisha Zamu

Barua nzuri ya mwenye saluni kwa wasusi wake huanzia kwenye daftari la wateja. Tuchukue mfano wa saluni ya Sinza, Dar es Salaam, yenye wasusi sita, inayofunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 3 usiku. Daftari linaonyesha kuwa Jumanne hadi Alhamisi viti hukaa vitupu mpaka saa 5, lakini Ijumaa na Jumamosi wateja hupanga foleni hadi barazani. Mama mwenye saluni anaamua kufungua saa 3, kufunga saa 2 usiku, na Jumatatu wote wapumzike.

Ipo sababu nyingine, nayo haifai kufichwa. Msusi anayekaa hapo tangu kufungua hadi kufunga, siku sita, hutimiza saa 72 hata ukiondoa saa moja ya kula kila siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki.

Kwa hiyo barua inagawa kundi mara mbili. Wasusi watatu wataingia saa 3 asubuhi na kutoka saa 10 jioni. Watatu wengine saa 7 mchana hadi saa 2 usiku. Ijumaa na Jumamosi wote wapo, wakipishana kwa saa moja tu kuingia na kutoka. Ukitoa mapumziko, kila mmoja anafanya saa 42 kwa wiki.

Hapo ndipo wasusi wanapouliza, "Na kamisheni?" Swali lao ni la haki kabisa. Anayelipwa kwa kichwa hapati kitu asubuhi isiyo na wateja, hivyo zamu zibadilishwe kila wiki ili mtu mmoja asibebeshwe saa kavu daima. Kigumu zaidi ni rasta. Rasta ndogo huchukua saa tano au zaidi. Mteja akikaa kitini saa 7 mchana, msusi wa asubuhi atatoka kichwa kikiwa nusu. Barua iseme nani atamalizia na kamisheni itagawanywaje, la sivyo ugomvi utazuka mbele ya mteja. Iseme pia kwamba rasta haipokelewi baada ya saa 8 mchana, na kuosha na kuseti mwisho ni saa 12 jioni. Kichwa kikichelewa hata hivyo, muda unaozidi saa za kawaida za kisheria ni wa makubaliano, na hulipwa mara moja na nusu.

Kubandika tangazo kando ya kioo hakutoshi. Sheria inataka mabadiliko ya masharti ya kazi yajadiliwe na wafanyakazi, kisha wajulishwe kwa maandishi. Kikao kitangulie, barua ifuate ikiwa na tarehe ya kuanza, na kila msusi asaini nakala yake. Wateja waliokwisha kuweka miadi ya usiku wapigiwe simu kabla ya tarehe hiyo.