Oda Ambayo Haikujazwa

Tuseme hisa inauzwa shilingi 20.05. Oda ya soko hukupatia papo hapo kwa bei hiyo. Oda ya bei kikomo ya 20.00 inaokoa senti 5, ila unapanga foleni nyuma ya waliotangulia.

Hapo ndipo majaribio ya mikakati kwa bei za zamani hudanganya. Bei ya chini ya siku ikiwa 20.00, programu huandika umenunua. Kumbe ziliuzwa hisa 3,000 tu, na mbele yako walitakiwa 10,000. Bei ikapanda ukiwa mikono mitupu. Ingeporomoka hadi 19.90, ungejazwa, tena ukiwa tayari kwenye hasara.

Mimi huhesabu ununuzi bei inapovuka kikomo tu:

```
low < limit
```

Faida ikiyeyuka kwa kanuni hiyo, ilitokana na oda ambazo pengine zisingejazwa.