Siku 13 Baada ya Moto

Watu wengi wa Afrika Mashariki wanajua kwamba Wahindu huchoma maiti, na wanachojua huishia hapo. Lakini katika msiba wa Kihindu kuchoma ndiyo kazi fupi kuliko zote. Moto huwashwa na kuzimika ndani ya siku moja. Baada yake zinafuata siku ambazo majirani hawazioni, nazo ndizo zenye shughuli, kwa sababu familia inaamini kwamba marehemu ameachwa hana mwili na wao ndio wa kumjengea mwingine. Wanaujenga kwa unga.

Tuchukue familia ya mfano, ya Kigujarati, kwa kuwa Wahindu wengi wa pwani yetu asili yao ni Gujarat na Kachchh. Mzee anafariki nyumbani Mombasa siku ya Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri. Wapunjabi na Wamarathi wana taratibu zao, na hata Wagujarati wa koo mbili jirani wanaweza kubishana juu ya jambo moja. Mwenye kauli ya mwisho ni kuhani wa familia, wanayemwita maharaj.

Maharaj akipigiwa simu, swali lake la kwanza ni saa ya kifo. Kalenda ya Kihindu inafuata mwezi wa angani, na siku yake, iitwayo tithi, haianzi usiku wa manane wala machweo. Inaweza kuanza saa yoyote, na urefu wake hubadilika, kati ya saa 19 na 26 hivi. Aliyekufa alfajiri na aliyekufa jioni ya Jumatatu hiyohiyo wanaweza kuwa na tithi mbili tofauti, na kumbukumbu zao zote za miaka ijayo zitatofautiana. Saa hiyo pia inaonyesha kama kifo kimeangukia panchak, kipindi cha siku tano hivi kila mwezi ambacho huhofiwa kuita vifo vingine katika ukoo. Kikiangukia humo, wanasesere watano hutengenezwa kwa unga au majani na kuchomwa pamoja na maiti.

Wakati huo mzee ameshalazwa sakafuni, taa ya samli inawaka karibu na kichwa chake. Kinywani ametiwa matone ya maji ya mto Ganga, ambayo nyumba nyingi huyaweka akiba katika chupa ndogo, pamoja na jani la tulasi, mmea wa jamii ya mrehani. Wanaume wa nyumbani wanamwosha. Angekuwa mwanamke, wangemwosha wanawake. Wanamfunga vidole gumba vya miguu pamoja, wanampaka liwa na kumvika nguo nyeupe mpya. Mwanamke akifa mumewe yu hai hapati nyeupe. Huvikwa sari ya rangi na kupakwa unga mwekundu kwenye paji la uso kama bibi harusi.

Kabla ya kutoka nyumbani kuna ukaguzi ambao hauna dini. Vito vinavuliwa. Kama marehemu alipandikizwa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, ni lazima daktari akitoe, kwa maana betri yake hulipuka ndani ya tanuri na kuweza kulivunja. Kibali kinatakiwa, na kama kifo kina utata wowote uchunguzi wa maiti hufanywa kwanza, kwani aliyezikwa anaweza kufukuliwa, aliyechomwa hawezi.

Mwili hubebwa kwa machela ya mianzi yenye nazi kwenye pembe, wabebaji wakilitaja jina la Ram. Mtoto wa kiume wa kwanza ndiye mtenda ibada, na mara nyingi hunyoa nywele. Zamani wanawake waliishia mlangoni. Siku hizi mijini wengi huenda hadi mwisho, na mzazi asiye na mtoto wa kiume akawashiwa moto na binti yake, wanaonung'unika ni wachache kuliko zamani.

Kuni za kumteketeza mtu mzima ni kilo 300 hadi 400, na zinatakiwa ziwe kavu. Msimu wa masika zikiwa na unyevu, moto hutoa moshi mwingi na joto dogo, na kazi ya saa chache huenda hadi usiku. Ndiyo maana samli humwagwa kwa wingi na karafuu maiti huwekwa pa kuwashia, bila kusahau vipande vya sandali kwa wenye uwezo. Mtoto anazunguka rundo la kuni akiwa na mtungi wa maji begani, maji yakichuruzika kwenye tundu, kisha anauangusha mtungi nyuma yake uvunjike. Hapo ndipo anapowasha moto. Kwenye tanuri la mafuta au gesi ibada hizo hufanywa mlangoni, kwa ufupi. Joto humo hufika nyuzi 800 na zaidi, na mwili huisha kwa muda wa saa moja na nusu hadi mbili.

Si kila Mhindu huchomwa. Watoto wachanga huzikwa, na vilevile watawa walioiacha dunia, kwa kuwa hao wanahesabiwa hawana kitu cha kutakaswa na moto. Kwa upande mwingine, wapo wasio Wahindu wanaochagua kuchomwa. Wangari Maathai alichomwa Kariokor, Nairobi, mwaka 2011. Jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji, kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake.

Wakitoka huko wote wanaoga kabla ya kugusa chochote. Jiko la wafiwa halipiki siku hiyo, ndugu na majirani ndio wanaoleta chakula. Sasa nyumba ina sutaki, hali ya unajisi wa msiba: hawaendi hekaluni, hawapeani mikono ya heri, hawali vitunguu wala vitamu. Jioni watu huja wamevaa nyeupe, wanakaa chini, wanasikiliza maandiko.

Siku ya tatu, yaani Jumatano, kwa kuwa Jumatatu ya kifo ndiyo ya kwanza, mtoto anarudi kuokota mabaki. Kiswahili chetu huyaita majivu, lakini majivu ya kuni ni sehemu ndogo ya anachofuata. Anachookota ni mifupa, iliyogeuka nyeupe na kuwa myepesi kiasi cha kuvunjika kwa vidole. Ya mtu mzima huwa na uzito wa kilo mbili hadi tatu. Hunyunyiziwa maziwa na maji, ikatiwa kwenye chungu na kufungwa kitambaa chekundu. Chungu hakiingizwi ndani ya nyumba. Hutundikwa mtini au huachwa kwenye chumba maalumu huko huko kilipochukuliwa.

Tufike kwenye unga. Garuda Purana, kitabu kinachosomwa nyumbani siku hizi za msiba, kinasema roho iliyotoka ni preta, mzururaji asiye na mwili wa kulia wala kutembelea. Kwa siku kumi mtoto anatoa pinda, donge la wali au unga wa shayiri lililochanganywa na ufuta mweusi, moja kila siku. Donge la kwanza linakuwa kichwa cha marehemu. La pili ni shingo na mabega, la tatu moyo, la nne mgongo. Ujenzi unashuka kupitia kitovu, nyonga na mapaja hadi siku ya tisa miguu inapokamilika. Donge la kumi halijengi kiungo chochote. Linaleta njaa na kiu, kwani mwili usio na njaa haujawa mwili.

Kwa watu wenye duka la kufungua na watoto wa kupeleka shule, ni wachache wanaotoa pinda kila asubuhi. Familia nyingi huzitoa zote kumi kwa mkupuo siku ya kumi, ambayo kwa mzee wetu ni Jumatano ya wiki ya pili. Baadhi ya jumuiya huweka donge nje na kungojea kunguru aliguse, na akichelewa huchukuliwa kwamba marehemu ana jambo linalomkera. Mombasa hawangoji sana. Kunguru wa Bara Hindi waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale takataka, na tangu hapo wameijaza pwani nzima.

Siku ya 12, Ijumaa, ndiyo kilele, ingawa mgeni hawezi kuona kitu cha kumshangaza. Maharaj anaweka pinda moja ndefu ya marehemu na nyingine tatu za mviringo: baba yake, babu yake na baba wa babu yake. Mtoto anaikata ile ndefu vipande vitatu kwa jani la nyasi ya darbha, kisha anakanda kila kipande ndani ya donge moja hadi yasitofautike. Kuanzia hapo mzee si preta tena, ni pitru, mhenga miongoni mwa wahenga. Wa juu kabisa katika ukoo anatoka kwenye orodha ya wanaotajwa kwa majina, kwa sababu nafasi ni tatu tu. Kwa kanuni za kale ibada hii ilistahili kungoja mwaka mzima, na siku ya 12 ni njia ya mkato iliyokubaliwa zamani sana.

Jumamosi, siku ya 13, sutaki inaondoka. Watu wanakula pamoja, vitamu vinarudi mezani, na maharaj hupewa vitu vya safari ya marehemu: godoro, mwavuli, viatu, vyombo.

Chungu bado kinangoja. Wenye nauli hukipeleka Haridwar au Prayagraj kwenye Ganga, au Gujarat kwenyewe, Chanod kwenye mto Narmada. Haridwar kuna makuhani wanaotunza vitabu vya koo kizazi baada ya kizazi, na mjukuu kutoka Mombasa anaweza kuonyeshwa jina la babu wa babu yake. Kwa safari ya ndege chungu hakifai. Mabaki huhamishiwa kwenye boksi la mbao au plastiki ambalo mashine ya ukaguzi inaona ndani yake, na karatasi mbili hubebwa mkononi, cha kifo na cha uchomaji. Boksi la chuma huleta maswali mengi uwanjani.

Wasiosafiri wana hoja yao, kwamba Ganga inaingia baharini na bahari ni moja. Sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilimwagwa kwenye Nile, Jinja, mwaka 1948. Mombasa familia hukodi mashua. Nahodha mzoefu hutoka maji yakianza kupwa, ili yachukue kwenda nje badala ya kurudisha ufukweni, na huwaambia wasimame upepo ukiwa mgongoni. Chungu huteremshwa hadi usawa wa maji ndipo kikainamishwa. Anayemwaga akiwa amesimama wima hurudi nyumbani na baba yake kwenye shati.

Mwaka wa kwanza nyumba haifanyi harusi na Diwali inapita kimya. Mwaka ukitimia, kwa tithi ile iliyoandikwa alfajiri ya Jumatatu, inafanywa varsi, kumbukumbu ya mwaka, ambayo kwa kalenda ya ukutani huangukia tarehe tofauti kila mara. Baada ya hapo mzee anaingia kwenye Pitru Paksha, nusu ya mwezi ya wahenga inayokuja kati ya Septemba na Oktoba. Kila mmoja hupewa maji yenye ufuta na chakula katika tithi yake, na kunguru hupata fungu lao. Siku ya mwisho, mwezi ukiwa hauonekani, ni ya wote ambao saa yao ya kufa haikuandikwa na mtu.