Mifuko saba ya saruji

Kila mwisho wa Desemba hukosi kuona karatasi imebandikwa kwenye mlango wa duka fulani: "Tumefunga, tunahesabu mali." Ndani, mwenye duka na vijana wake wanashusha makopo ya rangi, wanahesabu mabomba, wanapima misumari. Mtu huyu anafuata mfumo wa hesabu ya kipindi. Siku za kawaida anaandika alichonunua na alichouza, basi. Stoo imebaki na nini atajua siku ya kuhesabu, iwe mwisho wa mwezi au mwisho wa mwaka. Jirani yake anafuata hesabu endelevu: kila kinachoingia na kinachotoka kinaandikwa papo hapo, kwenye kadi au kwenye kompyuta, na salio linasomeka saa yoyote.

Ili tuone tofauti iko wapi, tuchukue duka la vifaa vya ujenzi na tuitazame saruji peke yake. Tuseme tarehe 1 Machi duka lina mifuko 80, kila mmoja umenunuliwa kwa shilingi 15,000. Ndani ya mwezi inaletwa mifuko 300 kwa bei hiyohiyo. Kila mfuko unauzwa 17,000, na daftari la mauzo linaonyesha imeuzwa 318. Usiku wa tarehe 31 wanahesabu na kukuta mifuko 55.

Mwenye hesabu ya kipindi anafanya hivi. Anachukua mali aliyoanza nayo, 1,200,000, anajumlisha manunuzi ya 4,500,000, kisha anatoa mali iliyobaki, mifuko 55 ambayo ni 825,000. Anapata 4,875,000, na hiyo anaiita gharama ya bidhaa zilizouzwa. Mauzo ni 5,406,000, kwa hiyo faida ghafi ni 531,000. Anafunga daftari, anakwenda kulala.

Mwenye hesabu endelevu anaanzia upande mwingine. Imeuzwa mifuko 318, gharama yake ni 4,770,000, faida ghafi ni 636,000. Ila kadi yake inamwambia stoo ilipaswa kuwa na mifuko 62, na yeye amekuta 55. Saba haipo. Anaiandika kuwa hasara ya 105,000, anaitoa kwenye faida, na anabaki na 531,000.

Faida ni ileile kwa wote wawili. Hapo ndipo wafanyabiashara wengi hukata tamaa na kadi, wakisema ni kazi mbili kwa jibu moja. Lakini rudi uitazame ile 4,875,000 ya yule wa kwanza. Ni gharama ya mifuko 325, na yeye ameuza 318. Mifuko saba imepotea na hesabu yake imeihesabu kana kwamba iliuzwa, kwa sababu kanuni yenyewe inachukulia kwamba kila kisichokuwepo stoo kimeuzwa. Kilichoibwa, kilichoganda kwa unyevu, kilichochukuliwa na mwenye duka kwenda kumalizia choo cha nyumbani kwake, vyote vinaingia kwenye kapu moja. Ataona tu faida ya mwezi imekuwa nyembamba, na pengine atailaumu bei.

Utasema, si angelinganisha mifuko aliyouza na aliyokuta? Angeweza, kwa sababu daftari lake linataja mifuko. Madaftari mengi ya mauzo hayataji. Yanasema "mauzo ya leo 640,000", na ndani ya namba hiyo kuna saruji, nondo, mabati na gundi ya mabomba.

Kadi ina faida nyingine kubwa zaidi: inasema lini. Tuseme mwenye hesabu endelevu huhesabu saruji kila Jumamosi jioni. Jumamosi mbili za kwanza kadi na stoo vilikubaliana. Ya tatu ilipungua mifuko mitano. Anarudi kwenye kadi na kuona kwamba wiki hiyo lori lilileta mifuko 100, ikapokelewa jioni, kijana akasaini ankara bila kuhesabu. Wiki ya nne ikapungua miwili, nayo ilikuwa imepasuka wakati wa kupakia na hakuna aliyeandika. Sasa ana jambo la kumuuliza msambazaji na jambo la kuwaambia vijana. Mwezi ukishapita bila kadi, maswali hayo hayana pa kuanzia.

Hesabu ya kipindi ina udhaifu mwingine usioonekana upesi. Kila kitu kinategemea usiku mmoja wa kuhesabu. Ukikosea ukaandika mifuko 65 badala ya 55, faida ya Machi inapanda kwa 150,000 ambazo hazipo, na faida ya Aprili inashuka kwa kiasi hichohicho, kwa kuwa mali ya kufungia Machi ndiyo ya kuanzia Aprili. Dalili yake ni miezi inayopishana, mmoja mnono, unaofuata mkavu, na wateja ni walewale. Ndiyo maana huhesabiwa mauzo yakiwa yamesimama, mmoja akihesabu na mwingine akiandika, na mali iliyolipiwa lakini mteja hajaichukua ikiwekwa kando.

Baada ya kuisifu kadi, niseme inapofeli. Misumari hununuliwa kwa katoni na kuuzwa kwa kilo au nusu kilo, na muuzaji mwema huongeza michache juu ya mizani. Ukijaribu kuiweka kwenye hesabu endelevu, kila wiki utakuta pungufu, utapoteza saa nzima, na hasara yenyewe haifiki bei ya soda. Kompyuta nayo haihesabu stoo, inahesabu ulichoiambia. Kijana akiuza bomba la nusu inchi akabonyeza la robo tatu, umeshapata makosa mawili, moja limezidi na lingine limepungua. Ukiona salio limeandikwa chini ya sifuri, ujue mzigo uliuzwa kabla haujaingizwa. Kwa hiyo hata mwenye hesabu endelevu lazima ahesabu kwa mkono. Tofauti ni kwamba yeye anahesabu ili kulinganisha na kadi, wakati mwenzake anahesabu ili kujua anacho nini.

Duka dogo lichague lipi? Kama unauza mwenyewe, bidhaa ni nyingi za bei ndogo, na usiku unafunga kwa mkono wako, hesabu ya kipindi inakutosha, mradi ihesabiwe kila mwezi. Kungoja Desemba ni kuchelewa mno. Siku utakapomwachia mtu mwingine kaunta, mambo yanabadilika, hata kama mtu huyo ni mdogo wako wa damu. Hapo unahitaji kadi, lakini si kwa kila kitu. Kwenye duka la vifaa, saruji, nondo, mabati na rangi ndivyo hubeba sehemu kubwa ya mtaji. Vipe hivyo kadi, na misumari, skrubu na tepu uviache kwenye hesabu ya mwezi. Kompyuta inaweza kungoja hadi kadi zitakapokuwa nyingi kiasi kwamba jioni haitoshi kuzijaza.

Kadi yenyewe ni karatasi ngumu yenye safu tano: tarehe, maelezo, kilichoingia, kilichotoka, salio. Itundike palipo na saruji, karibu na mlango wa stoo, pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kalamu isiyofungwa haitafika Jumatano.