Duara la ndani halipakwi rangi

"Mwalimu, fomula zote mbili ni sahihi, mbona nimekatwa alama?" Kila baada ya mtihani wa majaribio nasikia swali hili, na subira imeniishia.

Zoezi lenyewe: umbo la mbao, mcheduara uliobebeshwa nusutufe juu yake. Nusukipenyo ni sm 7, kimo cha umbo zima sm 20, π ni 22/7. Tafuta (a) eneo la uso wote, alama 4. (b) ujazo, alama 3.

Imani iliyoenea ni kwamba unachukua eneo zima la mcheduara, unaongeza eneo zima la nusutufe, basi. Jibu: sm² 1,342. Hebu upake umbo hilo rangi. Duara la juu la mcheduara na duara bapa la nusutufe yamegandishwa kwa gundi, brashi itayafikia wapi? Ni maduara mawili, kila moja sm² 154. Dawa ya vichochoroni ya "toa duara moja" ni upuuzi vilevile: inakupa 1,188.

Mwingine anakumbuka maduara lakini anaupa mcheduara kimo cha sm 20, kana kwamba nusutufe haina kimo. Naye anapata 1,342! Si bahati. Uso wa mviringo wa nusutufe ni sawa na ubavu wa mcheduara wenye nusukipenyo hichohicho na kimo cha sm 7. Kwa tufe zima, Arkimedes alilithibitisha jambo hilo zamani. Kwa hiyo marafiki wawili wanakosea kwa njia mbili, wanalinganisha majibu, wanapongezana.

Msahihishaji haangalii jibu tu. Katika (a) kuna alama 1 ya kimo, 20 − 7 = 13; alama 1 ya ubavu, 2 × 22/7 × 7 × 13 = 572; alama 1 ya kitako na nusutufe, 154 + 308; na alama 1 ya jibu, sm² 1,034. Kati ya wawili wenye 1,342, wakionyesha kazi, wa kwanza anaambulia alama 2, wa pili alama 1 tu. Aliyeandika 1,342 peke yake, sufuri.

Ujazo hauna mtego wa maduara, maana gundi haifichi mbao: 154 × 13 = 2,002, alama 1; 2/3 × 22/7 × 7³ = 718.67, alama 1. Jumla sm³ 2,720.67, alama 1. Hapa ndipo kujumlisha moja kwa moja kunaruhusiwa.

Swali likibadilika, soma: umbo limesimama sakafuni na linapakwa rangi, ondoa kitako, inabaki 880; umbo ni la chuma na linayeyushwa na kuundwa upya, shika ujazo tu; umepewa kipenyo, gawa kwa 2 kwanza. Na ukiona 1,342 kwenye karatasi yako, rudi kwenye kimo, kisha hesabu maduara.