Fahamu: Kwa nini kichujio cha tatu hurudisha mwanga uliozimwa na viwili

Mwanga wa jua ni mawimbi ambayo uga wake wa umeme hutetema kuelekea pande zote, na kuupolarisha ni kuubakizia mtetemo wa mwelekeo mmoja tu, kazi ya kichujio ambacho, kikiwa kamili, hupitisha nusu ya ukali wake. Ukikutana na kichujio cha pili kilichogeuzwa kwa pembe θ, hupita sehemu ya uga iliyo sawa na kosaini ya pembe hiyo, na kwa kuwa ukali hulingana na mraba wa uga, hupatikana kanuni ya Mfaransa Étienne-Louis Malus:

I = I₀ cos²θ

Kwa nyuzi 45 hupita nusu, na kwa nyuzi 90 hapapiti kitu. Hata hivyo, kichujio cha tatu kikiwekwa katikati ya viwili vilivyopishana kwa nyuzi 90, kikiwa na nyuzi 45 kwa kila kimoja, mwanga hurejea, nao ni 1/2 × 1/2 × 1/2, yaani 1/8 ya ule wa awali, kwa sababu kichujio hicho hakipunguzi tu, bali huupa mtetemo mwelekeo mpya. Kikiwekwa nje ya viwili hivyo, giza hubaki. Vichujio halisi hufyonza zaidi kidogo, hivyo kipimo huwa chini ya 1/8.