Pampu Nzima, Bomba la Kunyonyea Bovu

Chini ya ngazi za ghorofa nyingi za Kariakoo utakuta pampu ndogo ya nusu farasi au farasi moja, inayotoa maji kwenye tenki la chini ya ardhi na kuyapandisha hadi kwenye masimtanki ya juu ya paa. Ikikataa kutoa maji, lawama zote huangukia mota. Hufunguliwa, hupelekwa kusukwa waya upya au huuzwa chuma chakavu. Inaniuma kuona hivyo, kwa sababu mara nyingi mota ni nzima na kasoro iko kwenye bomba la kunyonyea.

Pampu kwa kweli haivuti maji. Inapunguza mgandamizo ndani ya bomba, kisha hewa inayokandamiza maji ya tenki ndiyo inayoyasukuma juu. Katika mji wa pwani kama Dar es Salaam, hewa hiyo haiwezi kuinua maji zaidi ya mita 10.3, hata ununue pampu kubwa namna gani. Huo ndio mtaji wote, na kila kitu kilichopo kati ya tenki na pampu kinaula.

Chukua jengo ambalo maji yake yako mita 3 chini ya pampu. Ondoa hizo 3. Maji yenye joto la nyuzi 30 yana hamu ya kugeuka mvuke, na hiyo inakula kama mita 0.4. Bomba la inchi moja lenye urefu wa mita 9, pamoja na elbo zake na futivalvu, likipitisha lita 40 kwa dakika, linaweza kula mita 1.5 kwa msuguano. Zinabaki zaidi ya mita 5, na pampu inafanya kazi kwa raha. Sasa fundi abane matumizi aweke bomba la robo tatu. Kwa kiasi kilekile cha maji msuguano unaruka karibu mara nne, unafika kama mita 6, na kinachobaki hakifiki hata mita 1.

Hapo maji huanza kuchemka bila moto. Mgandamizo ukishuka mno kwenye mdomo wa impela, vipovu vya mvuke huzaliwa. Vikisogea penye mgandamizo mkubwa huporomoka kwa kishindo na kudokoa chuma kidogo kidogo, mpaka impela inajaa vitundu. Hiyo ndiyo kavitesheni, na mlio wake ni kama kokoto zinazunguka ndani ya pampu. Wengi hudhani ni beringi, wanabadilisha, na kelele inabaki palepale. Kabla ya kufungua chochote, funga kidogo kidogo vali ya upande wa kutolea. Kelele ikitulia maji yanapopungua, shida iko kwenye kunyonya: bomba jembamba, kichujio kilichoziba taka au kina kirefu mno.

Hewa inayopenya ni fumbo zaidi, maana tundu la upande wa kunyonyea halidondoshi maji pampu ikifanya kazi. Linaingiza hewa, na kiungo kinaonekana kikavu kabisa. Dalili ni maji kutoka kwa kukatikakatika, meupe kwa vipovu. Zima umeme, fungua kizibo cha juu ya pampu, jaza maji mpaka yafike mdomoni, kisha uache kizibo wazi kwa saa chache. Sasa maji ya ndani yanasukuma kwenda nje, kwa hiyo yunioni mbovu itatoa jasho na utaiona. Maji yakishuka huku viungo vyote ni vikavu, futivalvu haifungi. Aghalabu ni mchanga au kipande cha plastiki kimekwama kwenye kiti chake.

Pampu ya kujivutia maji yenyewe haikuokoi na hayo. Hubakiza maji tumboni, huyachanganya na hewa ya bombani, huitoa hewa na kuyazungusha maji tena hadi bomba lijae. Mara ya kwanza ni lazima uyamimine mwenyewe, na hewa ikiingia kwa kasi kuliko inavyotolewa, pampu itazunguka kavu hadi sili yake iungue. Bomba nalo lipande moja kwa moja kuelekea pampu. Likiinuka kupita jiwe kisha likashuka, hewa hukaa pale kwenye kigongo.

Ninalolipinga kabisa ni kufunga pampu kwenye bomba la mtaani. Unamnyonya jirani, na bomba lililopasuka karibu na mtaro hunyonya maji machafu.

Pampu hizi hizi ziko kwenye kuosha magari, bustani, ujenzi, mabwawa ya samaki. Maji ya kisima yakiwa zaidi ya mita 7 au 8 chini ya pampu, achana nazo ununue ya kuzamisha.